Kifundo cha Shemeji

Shemeji yangu amepanda nguzo za umeme kwa miaka kumi na moja. Amening'inia huko juu kwenye mvua na kwenye upepo, juu ya mapaa ya watu wasiomjua, hadi wenzake kazini wakambatiza jina la Popo. Hajawahi kuanguka. Kwa hiyo siku mwili wake ulipoamua kumwaibisha ulichagua ngazi ya lori. Na si ngazi ya juu. Ile ya mwisho kabisa, iliyo juu ya ardhi kwa kimo cha ndoo.

Alikuwa anashuka kinyumenyume, simu sikioni, kamba za buti kazilegeza kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula. Akakanyaga kikombe cha kauri, kimoja cha vile vinavyoshikilia waya juu ya nguzo, ambacho asubuhi alikiweka pale chini yeye mwenyewe kwa mikono yake. Mguu wa kulia ukageukia ndani, uzito wote ukaufuata, na wenzake wakasikia mlio. Walinisimulia baadaye mmoja mmoja, na kila msimuliaji aliuongeza mlio kidogo. Wa mwisho aliniapia kuwa ulikuwa kama bunduki.

Msimamizi wa kikosi chao ni mzee mmoja wanayemwita Fyuzi, kwa kuwa huungua haraka na akiungua kila kitu husimama. Mzee Fyuzi alikuja, akainama, akatoa uamuzi kama hakimu aliyechelewa nyumbani.

"Cheza vidole."

Vidole vikacheza.

"Haujavunjika. Kaza kamba za buti, wala usilivue mpaka jioni. Uvimbe utakosa pa kwenda."

Shemeji akachechemea hadi kwenye lori, akakaza kamba, akakaa na buti hadi jioni. Uvimbe haukukosa pa kwenda. Ulisubiri tu. Buti lilipovuliwa sebuleni kwa dada yangu, mguu ulitoka kama unga wa ngano uliokandwa na kuachwa karibu na jiko, umeumuka na kugeuka rangi ya biringanya. Dada alipiga ukelele uliowatoa majirani, na majirani walipotoka wakaja na ushauri. Mmoja akaleta maji ya moto na chumvi. Mwingine akasema kuna mama mtaa wa pili anayevuta mifupa ikarudi mahali pake. Nashukuru dada alinipigia simu kabla huyo mama hajavuta kitu.

"Usimkande," nikamwambia. "Usimpake kitu cha moto. Mwinulie mguu juu ya mito, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, robo saa, kisha itoe. Kesho asubuhi mlete kwangu."

"Kwani kwako ndiko kuna mashine ya picha?"

"Mlete tu, dada."

Kwangu ni chumba cha mwisho kwenye zahanati, kikipakana na stoo ya mafagio. Mlangoni pameandikwa FIZIOTHERAPIA, neno ambalo wagonjwa hulisoma nusu na kuniita daktari wa mazoezi. Nina kitanda kimoja, mabomba mawili sambamba ya kujifunzia kutembea, kioo kirefu, na saa ya kuhesabia sekunde. Nina pia diploma, ambayo dada yangu huitaja kwa fahari mbele ya wageni na kuisahau kabisa mbele yangu.

Asubuhi ile tabibu wetu alikuwa na foleni iliyofika getini, akaniambia nimpime mimi, na kama nikiona dalili za kuvunjika niombe picha. Shemeji akalazwa kitandani. Dada akasimama kichwani kwake kama anayemuaga marehemu.

Sasa, lililokuwa mezani lieleweke. Mzee Fyuzi alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Mtihani wa kumpata msimamizi mpya hufanyika mara moja kila baada ya miaka miwili, na zilikuwa zimebaki wiki sita na siku mbili. Mtihani wenyewe ni kupanda nguzo na kumshusha kwa kamba mwanasesere mwenye uzito wa mtu mzima, kabla dakika nne hazijaisha. Shemeji alishafanya mazoezi ya hayo hadi anayaota. Lakini ofisi yao ina sharti moja: aliyeumia hapandi nguzo bila barua ya mtu wa afya. Na mtaalamu wa miguu katika zahanati yetu ni mmoja, naye ni mdogo wake mke wake.

"Jana ulikunywa pombe, shemeji?"

"Shem! Mbele ya dada yako?"

"Jibu. Mlevi hasikii maumivu sawasawa, na kipimo changu kinategemea kelele zako."

"Sikunywa."

"Hata kidogo," dada akaongeza, kwa sauti ya mtu atakayelichunguza hilo baadaye.

Nikaanza kubonyeza. Kifundo kina mifupa miwili iliyochomoza, mmoja nje na mmoja ndani. Nilishika ule wa nje, nikafuata ukingo wake wa nyuma kutoka nchani kwenda juu, upana wa vidole vinne, nikibonyeza kila hatua. Kimya. Nikafanya vilevile upande wa ndani. Kimya. Nikashuka kwenye ukingo wa nje wa unyayo, katikati, pale panapotokeza kifundo kidogo cha mfupa wa kidole cha mwisho. Kimya. Nikaenda upande wa ndani, kwenye mfupa ulio juu ya tao la unyayo.

"Unanitekenya."

"Vizuri." Kisha nikabonyeza mbele kidogo na chini ya ule mfupa wa nje, kwenye nyama laini.

"Aaa! Mama yangu!"

"Umeona?" dada akaruka. "Umevunjika! Nilisema mimi!"

"Dada, hapo hakuna mfupa wa kuvunjika. Hapo ni kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zimevutika, na baadhi ya nyuzi zake zimekatika. Shemeji, simama. Nipe hatua nne."

"Kwa mguu huu?"

"Kuchechemea ruksa. Kulia ruksa. Hatua nne tu."

Akashuka. Akatoa ya kwanza akiwa amefumba macho, ya pili akitaja mababu zake, ya tatu na ya nne kwa hasira. Mguu mbaya ulibeba uzito mara zote ulipofika zamu yake. Na jana vilevile alikwenda kwenye lori kwa miguu yake. Nikamwambia arudi kitandani.

"Umeteguka. Haujavunjika. Picha haihitajiki."

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Kwa dada yangu, ugonjwa usio na picha ni tetesi.

"Mguu umevimba hivi, rangi imebadilika hivi, na wewe umeubonyeza kama mtu anayenunua parachichi, basi umemaliza? Mtoto wa jirani alipigwa picha kwa kukohoa!"

"Alipigwa ya kifua, dada. Kifua ndicho kilichokohoa. Uvimbe hauniambii kama mfupa umevunjika. Rangi hainiambii. Mfupa unaouma ukibonyezwa ndio unaoniambia, na mguu usioweza hatua nne."

"Lakini vidole vinacheza," Shemeji akasema, akitaka kusaidia. "Mzee Fyuzi alisema vikicheza, basi."

"Vidole vinachezeshwa na misuli iliyoko huku juu kwenye muundi. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyevunjika mifupa miwili ya kifundo, na alikuwa anavichezesha kama mpiga kinanda. Mzee Fyuzi amepatia jibu kwa hesabu ya uongo."

Nikamfunga bandeji ya mpira kuanzia vidoleni kwenda juu. Nikampa magongo ya siku chache. Nikamwambia mguu usilale, baada ya siku mbili aandike nao herufi hewani kwa kidole gumba, alfabeti nzima, mara tatu kwa siku. Na nikasema arudi siku ya tano nimbonyeze tena, kwa sababu siku za mwanzo mguu mzima hupiga kelele na kelele huficha mambo. Siku ya tano alirudi. Mifupa ilikuwa bado kimya. Dada naye alikuwa kimya, lakini ukimya wake ulikuwa wa aina nyingine.

Wiki ya pili ikapita, uvimbe ukashuka, na Shemeji akaja kwangu akitembea kama bwana harusi.

"Shem, nimepona. Niandikie."

"Hongera. Vua viatu. Simama kwa mguu wa kushoto, mikono kifuani."

Akasimama. Nikahesabu hadi arobaini na tano nikachoka mimi.

"Sasa wa kulia."

Sekunde ya kwanza, kifundo kikaanza kutetemeka. Ya pili, mikono ikatoka kifuani. Ya nne, Popo wa nguzo za mita kumi na mbili alikuwa amelikumbatia bomba langu kama mtoto aliyeona mbwa.

"Sakafu yako ina utelezi," akasema.

"Naam. Upande wa kulia tu."

Akakaa kitandani, akauangalia mguu wake kama mfanyakazi aliyemwamini akakuta amemwibia. Nikaona nizungumze naye kwa lugha anayoielewa.

"Shemeji, nguzo imesimama, waya umeungwa, lakini taarifa hazifiki kituoni. Kituo kitajuaje kama kuna hitilafu?"

"Hakitajua. Mpaka kitu kiungue."

"Basi. Ndani ya hizo kano mna vipokezi vinavyouambia ubongo mguu umekaaje, umeinama kiasi gani, umegeukia wapi. Kano zilipochanika, navyo vikaharibika. Maumivu yameondoka, taarifa hazijarudi. Mguu ukigeuka sasa, ubongo wako utajua ukiwa umeshalala chini. Ndiyo maana walioteguka mara moja huteguka tena palepale."

"Na dawa yake?"

"Kuufundisha upya. Kila siku."

Nikampa kazi. Kuvuta mpira wa mazoezi kwa mguu, pande zote nne. Kunyanyuka kwa vidole, miguu miwili, kisha mmoja. Kusimama kwa mguu wa kulia kando ya sinki akipiga mswaki, ili akiyumba pawe na pa kushika. Akifikisha sekunde thelathini afumbe macho. Akiweza hilo, asimame juu ya mto. Kuruka baadaye, kwangu, si nyumbani. Dada akanunua daftari la kuandikia sekunde, akachora mistari kwa rula. Nilijua nimepata msaidizi, na nilijua nitajuta.

Kwa wiki tatu daftari lilikuja likiwa na habari njema tupu. Sekunde kumi na mbili. Ishirini. Thelathini na tano. Dada alinisomea kwenye simu kama matokeo ya uchaguzi. "Hamsini, mdogo wangu! Hamsini! Juu ya mto!" Nami, kwa upumbavu ambao diploma haikunifundisha lakini haikunizuia, nilikuwa na wagonjwa wengi, nikaliamini daftari.

Zikabaki siku tisa. Nikamwita kwa kipimo kamili.

"Vua viatu."

"Lazima?"

Swali hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua. Akavua, akasimama kwa mguu wa kulia. Sita. Nikadhani saa yangu imekufa. Nikarudia. Saba, na hiyo ya saba niliitoa sadaka.

"Shemeji, hamsini ziko wapi?"

Akakuna shingo. "Labda ni baridi ya sakafu."

"Nyumbani unasimama juu ya nini?"

"Sakafu. Mto."

"Ukiwa umevaa nini?"

"Buti za kazi."

Buti za kazi. Zile zinazofika nusu ya muundi, ngozi ngumu kama ubao, zilizokazwa kamba kwa mikono ya mtu anayefunga nyaya za umeme kwa riziki. Mtu akivaa buti hilo, hata kifundo kikilala usingizi yeye atasimama. Kwa wiki tatu Shemeji alikuwa amelifundisha buti usawa wa mwili, na buti lilifaulu kwa alama za juu.

"Nani alikuambia uvae buti?"

"Hakuna aliyeniambia. Ni kazi yetu, shem. Kwetu mtu hafanyi kitu chochote cha mguu bila buti. Siku ya kwanza kazini unaapishwa hivyo. Asiye na buti ni mgonjwa."

"Na wewe ni nani?"

Nikamwambia tunaanza upya, peku, kila siku, saa moja kwangu na nusu saa nyumbani. Akaenda kwenye mabomba, akasimama kwa mguu mmoja, akaanguka, akasimama. Sikumhurumia. Au nilimhurumia, lakini nilificha kwenye saa ya sekunde.

Siku ya tatu ya kuanza upya, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mzee Fyuzi. Akakaa kitandani pangu bila kukaribishwa, kofia magotini.

"Binti, huyu kijana ni wangu. Nimemlea tangu hajui chanya na hasi. Mwandikie barua."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwandikie."

"Leo amesimama sekunde tisa."

"Nguzo haipandwi kwa kusimama mguu mmoja!"

"Inapandwa kwa miguu miwili inayopokezana. Kila ukiinua mmoja, umesimama juu ya mwingine. Mzee, miaka yote hiyo mlikuwa mnapandaje?"

Shemeji akakohoa kule kwenye mabomba. Mzee akawaka, kama jina lake.

"Sikiliza. Mtahini ni mimi. Barua ikija, sawa. Isipokuja, nitamwambia apande na atapanda. Tangu lini mtu akazuiwa kwa kuteguka? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Akainuka kwa kishindo ili aondoke kwa heshima. Heshima ilifika hatua ya pili. Alikuwa anakanyagia upande wa ndani wa unyayo, wa nje ameuinua kama unaogopa sakafu, kisha akalishika bomba langu.

"Mzee, mguu una nini?"

"Hauna kitu. Juzi nilitumbukia kwenye mtaro wa nyaya. Nimeteguka kidogo. Angalia, vidole vinacheza."

Vilikuwa vinacheza kweli, ndani ya kiatu.

"Nipe hatua nne."

"Sina muda wa michezo."

"Ni nne tu, mzee. Mkuu anatembea nne."

Akajaribu. Ya kwanza, ya pili, kisha akasimama akiangalia dirisha kama anatafuta mtu nje. Nikamkalisha, nikamvua kiatu na soksi. Uvimbe ulikuwa mdogo, kama ameumwa na mdudu. Rangi ilikuwa ya kawaida. Nikabonyeza mfupa wa nje wa kifundo, hakuna. Wa ndani, hakuna. Nikabonyeza ukingo wa nje wa unyayo, kwenye kile kifundo kidogo cha mfupa wa kidole cha mwisho.

Mzee Fyuzi, mwenye miaka hamsini na tisa na wajukuu saba, alimwita bibi yake.

"Huyu anahitaji picha," nikasema, nikamwandikia ombi la kwenda kwa tabibu.

Picha ilirudi na mstari mweusi ukikata shina la ule mfupa, mwembamba kama unywele. Umevunjika, na ametembea nao siku mbili akigawa ushauri. Mguu wa Shemeji uliokuwa kama unga ulioumuka ulikuwa mzima wa mifupa. Huu uliokuwa kama umeumwa na mbu ulikuwa umevunjika. Wahenga walituachia lile la asiyesikia la mkuu. Hawakutuambia nini humpata mkuu asiyemsikia mtu yeyote, lakini mimi nimeona, anafungwa plasta na kupewa magongo, wiki sita.

Shemeji ndiye aliyemsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi getini. Alirudi taratibu.

"Miaka kumi na moja," akasema, "kila aliyeanguka kwetu tumemchezesha vidole."

"Na wangapi walivunjika?"

"Sasa nitajuaje, shem?"

Akavua soksi bila kuambiwa, akarudi kwenye mabomba.

Mtu aliyeko kwenye magongo hatahini mtihani wa kupanda. Makao makuu yakasema yatamtuma injinia mmoja, mwanamke, ambaye sifa yake pekee niliyosikia ni kwamba husoma kila karatasi anayopewa hadi nyuma. Huyo hangepandisha mtu bila barua. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya kalamu yangu, na dada alilijua hilo kabla yangu.

Alikuja nyumbani kwangu, akaingia jikoni moja kwa moja, akaanza kuosha vyombo vyangu. Dada yangu akikuoshea vyombo, jiandae.

"Ni sahihi tu, mdogo wangu. Wino."

"Dada, akiwa mita kumi na mbili juu, na mtu begani..."

"Mwanasesere."

"Mwanasesere wa kilo themanini. Mguu ukigeuka, ubongo utapata habari baadaye. Nani ataosha vyombo siku hiyo?"

Akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Miaka miwili, unajua? Amesubiri miwili, sasa asubiri tena miwili. Wewe ulimaliza chuo kwa kuwa yeye alikupeleka kila siku na pikipiki yake. Umesahau?"

Sikusahau. Ndiyo maana sikulala vizuri usiku ule, na sikusema hivyo.

"Kama hutaki," akasema akijifuta mikono, "kuna zahanati nyingine."

Kulikuwa nayo, na ninaifahamu. Mganga wa pale hupima wagonjwa kwa kuwaangalia wakipita dirishani. Umpelekee meza, atakuandikia kuwa miguu yote minne ni mizima. Kesho yake dada aliiweka barua ya yule bwana mbele yangu, na Shemeji hakuwa amefika pale hata mara moja. Mguu ulipimwa bila kuwepo. Diploma yangu ilichukua miaka mitatu, na siku hiyo wala haikutajwa.

Siku moja kabla ya mtihani nilimpima Shemeji kwa mara ya mwisho. Dada alisimama mlangoni, mkoba kifuani, barua ya yule bwana ndani yake.

Kusimama peku, macho wazi: sekunde thelathini, safi. Sikuamini, nikarudia, thelathini tena. Siku chache za peku zilikuwa zimefanya kuliko wiki tatu za buti. Macho yamefumbwa: kushoto ishirini na nne, kulia kumi na moja. Kunyanyuka kwa vidole: ishirini na tano dhidi ya ishirini na mbili. Kisha kuruka kwa mguu mmoja na kutua kwa uleule bila kuyumba. Kushoto, sentimita mia na ishirini. Kulia, tisini na sita, na alipotua kifundo kilicheza kulia na kushoto kama mlango usio na komeo.

"Asilimia themanini," nikasema. "Mimi nataka tisini. Na nataka kutua kimya."

"Themanini ni daraja la kwanza shuleni," dada akasema mlangoni.

"Shuleni hakuna mita kumi na mbili."

Shemeji alikuwa bado amesimama pale alipotua, akiuangalia mguu. Nilisubiri anitaje pikipiki. Nilikuwa nimejiandalia jibu, na jibu lenyewe lilikuwa bovu.

"Wiki ngapi?" akauliza.

"Tatu. Labda nne."

"Kesho ukiwa mimi ungepanda?"

"Kesho nikiwa wewe ningetafuta shemeji mwingine mwenye kalamu nyepesi. Lakini nikiwa yule mtu anayeshushwa kwa kamba, ningeuliza nani yuko juu."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Andika ulichokiona."

Nikaandika: mguu haujavunjika, kano zinapona, usawa wa mwili haujarejea; afanye kazi za chini, asipande nguzo hadi apimwe tena baada ya wiki tatu. Nikatia sahihi. Shemeji akaikunja barua akaitia mfuko wa shati. Dada akaingia, akatoa ya kwake, akaitia mfuko wa pili wa shati lake, akaupiga kofi mfuko huo kama anafunga bahasha. Kisha akatoka bila kuniaga, na mumewe akamfuata na barua mbili kifuani, moja kila upande.

Siku ya mtihani nilikuwa na wagonjwa kumi na wanne. Sikumbuki hata mmoja. Kila simu ilipolia nililiona paa la zahanati linashuka.

Saa tisa alasiri Shemeji akaja kwa miguu yake. Viungo vyote vilikuwa mahali pake. Nilivihesabu kabla ya kumsalimia.

"Enhe?"

"Injinia aliliita jina langu kwanza kabisa. Nikasimama mbele ya nguzo." Akakaa kitandani. "Nikaingiza mkono mfukoni. Unajua nguzo ukiwa chini yake inaonekana ndefu kuliko ukiwa juu? Sikuwahi kujua. Sijawahi kukaa chini yake."

"Ukatoa ipi?"

"Yako. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, nyuma hamna kitu, akaisoma hata hiyo. Akaniuliza kama nina jambo la kuongeza. Nikasema sina. Akalikata jina langu kwa rula. Kwa rula, shem! Akanipa kazi ya kushika kamba chini."

"Nani amepata?"

"Binti mmoja wa zamu ya pili. Dakika tatu na sekunde kumi. Nilimshikia kamba mimi. Atanisimamia vizuri tu, ana kelele kama Fyuzi ila anasikiliza."

"Na dada?"

"Amefunga mlango wa chumba. Amesema tule tulichokiandika."

Nilitaka kumwambia pole, nikaona pole ni neno dogo kwa miaka miwili. Nilitaka kumwambia asante, nikaona hilo litanitoa machozi kazini, nami nina sifa ya kutunza. Kwa hiyo nikachukua saa.

"Umechelewa kipindi chako kwa dakika arobaini."

"Shem, mimi leo nimekosa cheo."

"Nimesikia. Mguu haujasikia. Vua viatu."

Akainama, akavua, akasimama sakafuni kwa mguu wa kulia, akaruka. Akatua. Kifundo kikacheza, kikatafuta, kikapata. Nikanyoosha futi ya kupimia.

"Tisini na nane," nikasema.

"Jana ilikuwa tisini na sita."

"Jana dada alikuwa mlangoni. Ruka tena."